Chanzo Hakikupatikana

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibao cha plastiki mlangoni, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi mwenyewe, pale idara ya maji wote walimwita Bi Nukta. Jina lilimganda siku alipoirudisha ripoti ya mhasibu bila hata kuisoma, kwa sababu nukta za desimali katika safu moja zilikuwa, kwa maneno yake, zimelewa: moja imeegemea kushoto, nyingine imekaa katikati, ya tatu imetupwa kule pembeni. "Zipange mstari mmoja, kisha ndiyo nitajua kama hesabu zako ni za kweli," alimwambia. Mhasibu alinung'unika wiki nzima, lakini alizipanga.

Kazi ya Bi Nukta ilikuwa kutengeneza ripoti ya mwaka inayokwenda kwa bodi. Takwimu zilimfikia kutoka kila upande, zikiwa zimeandikwa kila namna. Yeye ndiye aliyeziosha, akazivisha na kuzipanga foleni. Jedwali lilipewa namba na kichwa juu yake, kwa kuwa msomaji huanza juu akishuka. Mchoro ulipewa namba na maelezo chini yake. Kila kimoja kilitajwa kwenye maandishi kwa namba yake kabla hakijatokea. Ukimwandikia "kama jedwali lililo hapo chini linavyoonyesha", alikukemea mbele za watu. "Hapo chini wapi? Likirukia ukurasa wa pili, msomaji alitafute chini ya meza?"

Wala hakuandika namba hizo kwa mkono. Aliiachia kompyuta ihesabu majedwali yenyewe, na kila palipotajwa jedwali kwenye maandishi akapafunga na kichwa chake, ili kichwa kikibadilika namba, maandishi nayo yafuate. Kwa jambo hilo alijivuna waziwazi. Hakuwa mnyenyekevu hata chembe, na hakudai kuwa. Alikuwa na shahada yake, ofisi yake yenye dirisha, na kiti chenye magurudumu ambacho mwingine hakuruhusiwa kukikalia.

Nyumbani hali ilikuwa ileile. Mumewe, fundi baiskeli mpole mwenye mikono isiyotakata grisi, alishazoea kuletewa orodha ya vitu vya sokoni ikiwa na safu tatu na mstari juu ya jumla. Mpwa wao alipooa, Bi Nukta alishika kadi ya mwaliko dakika nzima, akauliza nani aliyeachia neno likatengana na namba yake, "saa" mwisho wa mstari na "nane" mwanzo wa mstari unaofuata.

"Mke wangu," mumewe alisema, "watu wanafunga ndoa."

"Wafunge. Lakini namba na kipimo chake havitenganishwi. Hata hiyo ni ndoa."

Mpinzani wake mkubwa ofisini alikuwa Mhandisi, mwanamume mrefu mwenye viatu vya matope vilivyowatia uchungu wafagiaji. Kwa Mhandisi, maji ndiyo kazi, na mengine yote ni urembo. Takwimu za visima alizileta kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, ikiwa na alama ya kikombe cha chai, na kila namba ikiwa na kipimo chake kimebandikwa nyuma kama mkia.

Mwaka huo alileta karatasi ya namna hiyohiyo. Visima vinne, na kila kimoja kinatoa maji kiasi gani. Bi Nukta aliikunjua kwa ncha za vidole.

"Kaka, mbona kila mstari umeandika kipimo upya? Kipimo hukaa kwenye kichwa cha safu mara moja, basi. Chini zinabaki namba tupu, zimenyooka kama askari kwenye gwaride."

"Dada yangu, panga unavyotaka. Maji hayatoki kwenye jedwali."

"Ripoti ndiyo inayotoka kwenye jedwali. Maji ni shauri lako."

Alipoondoka, Bi Nukta alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akaanza. Kwenye kichwa cha safu aliandika: Uzalishaji, mita za ujazo kwa saa. Halafu akafuta mikia yote. Mlimani, 31.0. Sokoni, 28.4. Stesheni, 22.6. Shuleni, 9.5. Kila nukta aliiweka chini ya mwenzake, wima kabisa, na namba za kila kisima akazipa tarakimu moja baada ya nukta, zisipishane. Akarudi nyuma kidogo akalitazama. Lilikuwa jedwali zuri. Angekuwa na fremu angelitundika ukutani.

Kwenye maandishi, baada ya aya iliyovitaja visima vyote vinne, aliandika sentensi iliyotakiwa na Mkurugenzi, ambaye alikuwa na hamu ya kupunguza vituo: "Kama Jedwali la 4 linavyoonyesha, chenye uzalishaji hafifu kuliko vyote kimepitwa na wakati, na bodi inaombwa kuridhia kifungwe."

Jumapili wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kuwatembelea. Alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya mtaa wa Shuleni, mwanamke wa maneno machache na sauti kubwa.

"Wifi, nasikia mnataka kutufungia kisima. Kweli?"

"Ndicho kinachotoa maji kidogo kuliko vyote."

"Kile? Kile ukifungua bomba lake ndoo inafurika kabla hujainama. Mitaa mingine yote inakuja kuchota kwetu!"

"Takwimu zinasema vingine, wifi."

"Takwimu zimeshawahi kubeba ndoo?"

Mumewe akacheka mpaka akakohoa. Bi Nukta hakucheka. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba macho hudanganya, hasa macho ya mtu aliyeshika ndoo, lakini safu iliyopangwa vizuri haina sababu ya kumdanganya mtu yeyote. Wifi alimtazama, akanywa chai yake, akabadilisha mazungumzo.

Siku moja kabla ya kikao, ripoti ilikuwa tayari na imepelekwa kwa Mkurugenzi ili aipitie. Kuipitia, kwa kawaida, kulikuwa na maana ya kuipima uzito kwa mkono na kutia sahihi. Lakini mwaka huo Mkurugenzi aliifungua kweli, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwanza aliona ripoti haina sura yake. Akaweka picha aliyopigwa akifungua bomba huku amevaa suti, maji yamemrukia suruali, akaandika chini yake kwa mkono: "Mchoro wa 1: Kiongozi na Maji." Pili, alifika Jedwali la 2, lililoonyesha maji yanayopotea njiani kwa mabomba kuvuja. Safu ya upotevu ilikuwa ndefu, na nukta zake zilipangwa vizuri kiasi kwamba hata mtu anayesoma kwa haraka aliona namba zinavyonenepa kila mwezi. Akalisoma mara mbili. Kisha akalifuta lote, pamoja na kichwa chake.

Kompyuta ilifanya ilivyofundishwa. Katibu muhtasi wake alipoitoa nakala ya kwanza kwenye printa, majedwali yaliyofuata yalikuwa yamerudi nyuma namba moja, na maandishi yakafuata. Ila pale lilipotajwa jedwali lililofutwa, palitokea maneno yaliyokoza wino: Hitilafu! Chanzo cha rejeo hakikupatikana.

Mkurugenzi alitokwa jasho. "Nani ameandika haya?"

"Kompyuta, bosi," alisema katibu muhtasi.

"Kompyuta inanitukana? Na hizi namba nani amezibadilisha? Jana kisima kilikuwa Jedwali la 4, leo ni la 3!"

"Labda nimwite Bi Nukta, bosi?"

"Aje anisomee hotuba ya nukta? Hapana. Chukua nakala ya jana, andika namba za jana. Kila mahali, kwa mkono."

Katibu muhtasi alikuwa mtiifu na mwenye vidole vyepesi. Alipita kwenye maandishi yote akirudisha namba za jana, huku vichwa vya majedwali vyenyewe vikibaki na namba za leo. Mahali pamoja palimponyoka. Kisha akachapa nakala kumi, akazitia jalada la rangi ya samawati na kuzipanga mezani katika ukumbi wa mikutano.

Bi Nukta aliingia ukumbini asubuhi akiwa amevaa gauni lake la vikao. Alikuwa akipenda dakika hizo za kwanza, wajumbe wanapofunua karatasi zake na kimya kinapoutawala ukumbi. Alikaa nyuma karibu na Mhandisi, akasubiri kimya kile kifanye kazi yake.

Hakikudumu. Mjumbe wa kwanza kunyanyua mkono alikuwa mwakilishi wa wafanyabiashara, mtu mnene mwenye miwani kwenye paji la uso.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa ukurasa wa sita pameandikwa, 'chanzo hakikupatikana'. Naomba kujua ni chanzo kipi hicho. Ni cha mlimani au cha bondeni? Na kimepoteaje? Mji unapoteza chanzo kizima cha maji halafu sisi tunakuja kukisoma kwenye ripoti?"

Mkurugenzi alisimama, akajifuta uso.

"Mheshimiwa, chanzo hicho... wataalamu wetu bado wanakitafuta."

"Kinatafutwa?"

"Usiku na mchana."

Mhandisi alimgeukia Bi Nukta taratibu, midomo ikimtetemeka kwa kicheko alichokizuia. Bi Nukta hakumwona. Alikuwa amenyakua nakala kutoka kwenye meza na kufika ukurasa wa sita. Akafunua ukurasa wa saba, wa nane. Alipofika wa tisa, Mwenyekiti wa bodi alikuwa anausoma kwa sauti. Alikuwa mzee mstaafu mwenye koo zito, aliyependa kujisikia akisoma.

"'Kama Jedwali la 4 linavyoonyesha, chenye uzalishaji hafifu kuliko vyote kimepitwa na wakati, na bodi inaombwa kuridhia kifungwe.' Vizuri. Hebu tulione Jedwali la 4."

Karatasi zikafunuliwa kwa pamoja. Jedwali la 4, kwa namba za siku hiyo, lilikuwa lile lililokuwa la 5 siku iliyotangulia: Mahudhurio ya Wajumbe wa Bodi katika Vikao vya Mwaka. Lilikuwa limepangwa kama yote mengine, kuanzia mwenye mengi hadi mwenye machache, namba zimenyooka upande wa kulia. Mstari wa mwisho kabisa, peke yake kule chini, ulisomeka: Mwenyekiti.

Aliyeanza kukohoa ni mwakilishi wa walimu. Akafuatiwa na mwingine. Mwenyekiti aliendelea kulitazama jedwali kwa muda, akilisoma kutoka juu hadi chini kwa kidole, kisha kutoka chini hadi juu, kana kwamba angefika kwa njia nyingine asingejikuta palepale.

"Mkurugenzi," alisema hatimaye. "Nimepitwa na wakati?"

"Hapana, Mheshimiwa! Hapana kabisa!"

"Mnaomba nifungwe?"

"Ni kisima, Mheshimiwa!"

"Mimi ni kisima?"

Baada ya hapo hapakuwa na kikao. Mwakilishi wa wafanyabiashara alitaka iundwe kamati ya kuchunguza nani aliyepanga kuwafunga wajumbe. Mwingine, aliyekuwa wa pili kutoka chini, alisema suala la mahudhurio lina mazingira yake. Mkurugenzi aliwaomba watazame Mchoro wa 1, na hakuna aliyetazama. Mwenyekiti akaahirisha kikao kwa wiki moja, akatoka na jalada lake la samawati kwapani.

Kwenye korido Bi Nukta alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Wameandika namba kwa mkono! Kaka, kwa mkono! Wangeniita ningebonyeza kitufe kimoja tu, namba zote zingejipanga zenyewe. Na pale lilipofutwa jedwali, sentensi yake nayo ifutwe! Mtoto wa shule anajua!"

Mhandisi alikuwa ameegemea ukuta, machozi ya kicheko yakimtoka. Nakala ilikuwa wazi mkononi mwake kwenye jedwali la visima, lile halisi. Alijipangusa macho akalitazama. Akalisogeza karibu.

"Hii tisa nukta tano ya Shuleni ni nini?"

"Uzalishaji. Uliileta mwenyewe."

"Niliiletaje?"

"Kwenye ile karatasi yako ya chai."

"Niliandika lita kwa sekunde. Mita ya kituo kile ni ya kizamani, inasoma lita kwa sekunde. Vingine vyote vinasoma mita za ujazo kwa saa. Ndiyo maana kila mstari niliandika kipimo chake." Alikuwa haongei kwa dhihaka tena. "Ulizidisha kwa tatu nukta sita, ziwe mita za ujazo kwa saa?"

Bi Nukta aliitoa simu kwenye mkoba, akazidisha mwenyewe, ingawa jibu alishalijua kabla kidole hakijagusa kioo. Thelathini na nne nukta mbili. Kisima cha Shuleni hakikuwa dhaifu kuliko vyote. Kilikuwa na nguvu kuliko vyote, kupita hata cha Mlimani. Sauti ya wifi yake ilimjia sikioni, kubwa kama kawaida yake.

Alikumbuka alivyoifuta mikia ile mmoja baada ya mwingine kwa kidole kimoja, akifurahia safu inavyosafika. Mikia mitatu ilisema neno moja. Wa nne ulisema lingine, na yeye aliufuta bila kuusoma, kwa kuwa ulikuwa unaharibu gwaride.

"Hakuna atakayejua," Mhandisi alisema akishusha sauti. Alisema kwa nia njema. "Mkurugenzi ameivuruga ripoti nzima. Lirekebishe kimyakimya, liingie kwenye vurugu zake. Watamlaumu yeye."

Lilikuwa wazo tamu, na Bi Nukta alilibeba hadi ofisini na kukaa nalo mchana kutwa. Hasira yake juu ya Mkurugenzi ilikuwa ya haki, na ndani ya hasira ya haki kulikuwa na nafasi kubwa ya kuficha kitu kidogo kama kipimo. Lakini kila alipojaribu kukificha, alimwona wifi yake kwenye zahanati, anageuza bomba, hakitoki kitu. Kama Mkurugenzi asingefuta lile jedwali la kuvuja, kikao kingeendelea vizuri. Wajumbe wangelikuta Jedwali la 4 mahali pake, nadhifu, nukta zimesimama wima, na kisima kingefungwa kabla ya chai ya saa nne. Kilichowaokoa watu wa Shuleni ni upuuzi. Kilichotaka kuwaangamiza ni unadhifu wake yeye.

Jioni alibisha mlangoni kwa Mkurugenzi. Alimkuta anazitazama nakala zake za samawati kama mtu anayetazama gari lake lililogongwa.

"Bosi, nina kosa."

"Kila mtu ana kosa leo," Mkurugenzi alisema bila kuinua kichwa. "Kaa."

Alimweleza lote: vipimo viwili kwenye safu moja, kichwa kimoja juu yao, na namba moja ambayo haikuzidishwa. Mkurugenzi alisikiliza kwa umakini ambao hakuwahi kuuonyesha kwa nukta yoyote. Macho yakaanza kumng'aa.

"Kwa hiyo kikao kisingevurugika, tungefunga kisima kizuri kuliko vyote?"

"Ndiyo, bosi."

"Kwa hiyo mimi, kwa kuivuruga..."

"Bosi, tafadhali."

"...nimeokoa kisima!"

Wiki iliyofuata bodi ilikutana tena. Bi Nukta alisimama mbele ya wajumbe wote akasema kosa la uzalishaji lilikuwa lake, si la kompyuta wala la katibu muhtasi. Jedwali la kuvuja lilirudi mahali pake, kwa sababu alikataa katakata kuitoa ripoti bila hilo, na Mkurugenzi, akiwa shujaa, hakuwa na haja ya kubishana. Kisima cha Shuleni kikabaki wazi. Wajumbe walipoona kiasi cha maji yanayopotea, waliagiza mabomba ya Stesheni yakaguliwe kwanza. Mwenyekiti alihudhuria tangu dua ya kufungua hadi mwisho, na akaomba iandikwe kuwa alihudhuria. Mkurugenzi alipongezwa kwa umakini. Muda si mrefu alitoa waraka unaokataza neno "chanzo" kutumika kwenye nyaraka za idara ya maji bila kibali chake cha maandishi.

Mhandisi aliendelea kuleta karatasi zenye chai. Bi Nukta aliendelea kuzishika kwa ncha za vidole. Ila sasa waliketi pamoja, yeye akisoma namba, Mhandisi akitaja kipimo kwa sauti, na hakuna mkia uliofutwa mpaka wote wawili waseme sawa. Waligombana kila safu, na waliokuwa ofisi ya jirani wakajifunza kufunga mlango.

Asubuhi moja, bila kumwambia mtu, alipita mtaa wa Shuleni kabla ya kazi. Kwa miaka yote aliyoviandika visima vile, hakuwahi kusimama mbele ya hata kimoja. Fundi wa zamu, mzee mwenye kofia ya sufu, alimfungulia valvu ya majaribio ili aone. Maji yaliruka kwa kishindo, yakamlowesha gauni hadi magotini. Alisimama palepale, viatu vimejaa maji, akacheka kwa sauti peke yake.

"Unatoka wapi, mama?" mzee aliuliza.

"Ofisini."

"Ah. Basi waambie mita hii imechoka, watubadilishie."

"Inasoma vibaya?"

"Inasoma vizuri sana," mzee alisema, akiifunga valvu. "Tatizo ni wanaoisoma."